Ukurasa wa usiku wa sita

Mpendwa Mshauri,

Baba alilazwa kwa homa ya mapafu, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku 11. Mimi ni binti yake mkubwa. Mchana alikaa mama na mdogo wangu. Usiku nilikesha mimi kwenye korido, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Nilikuwa nikiandika kwenye daftari ili nisirukwe na akili. Sasa ni mwezi wa pili tangu arudi nyumbani. Anakula, anatembea kwa mkongojo, lakini hapokei maji mkononi mwangu. Amemwambia mama kwamba kule hospitali watu walimfunga mikono wakamzamisha majini, na mimi nilisimama mlangoni nikakubali. Hakasiriki anapolisema. Analisema kama mtu anayesimulia safari.

Wiki iliyopita aliliona daftari. Akasema, "Mwanangu, humo mna siku zangu. Nisomee." Nikamwahidi. Tangu hapo silali, kwa sababu ya ukurasa huu mmoja:

"Saa nne usiku. Nimempokea mama zamu. Anasema leo Baba alifumbua macho, lakini hakumtazama mtu, alitazama pembe ya dari.

Saa sita kasoro. Kengele ya mashine imelia mara mbili, ikanyamaza. Nimeshazoea, sisimami tena kila inapolia. Nimezoea lini?

Saa saba. Ijumaa ile aliponiambia kifua kinambana, nilimwambia anywe dawa alale. Ningempeleka siku ile ile. Ningempeleka siku ile ile. Jana pia nimeandika hivi.

Saa nane. Wamefungua mlango, hawakuufunga. Nesi anamfyonza makohozi kwa mpira. Sauti ya mtu anayepaliwa, anayezama. Mikono imefungwa kitandani kwa kitambaa. Miguu inarusha shuka. Nimesimama tu mlangoni.

Saa nane na nusu. Daktari wa zamu ametoka. Nimemuuliza palepale: 'Atateseka mpaka lini? Si afadhali mumwache?' Akasema oksijeni imepanda kidogo, tungoje asubuhi. Nikasema sawa.

Saa tisa na dakika kumi. Mungu, mchukue. Mchukue usiku huu. Sitaki kuisikia tena sauti ile.

Saa kumi. Nimenawa uso. Nimemwomba nesi, kanipa dakika tano. Mkono wake wa moto. Nikamwambia ni mimi.

Saa kumi na mbili kasoro. Wanasema joto limeshuka. Mama nimwambie nini?"

Mshauri, mlangoni nilisimama kweli. Nilisema kweli wamwache. Nimsomee? Niuchane? Niseme daftari limepotea? Na kama kile anachokiona ndicho kweli, je, si mimi ninayejidanganya?

Binti wa korido

*

Mwanangu,

Ukurasa wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma maneno, na bila shaka nilisimama pale uliposimama wewe, saa tisa na dakika kumi. Mara ya tatu niliyaacha maneno nikafuata saa peke yake. Dakika 40 kabla ya sentensi ile ulikuwa unaongea na daktari. Nusu saa kabla ya daktari ulikuwa mlangoni unaisikia ile sauti. Na dakika 50 baada ya kumwomba Mungu amchukue, umenawa uso, umemtafuta nesi, umeomba uingie. Sitakwambia ulikuwa unamaanisha nini, kwa sababu sikuwepo. Nakuuliza tu: katika sentensi zile tatu fupi, ni ipi iliyokuwa inakusukuma kushika kalamu? "Mchukue," au "sitaki kuisikia tena sauti ile"?

Kabla sijaanza ushauri nilikuwa muuguzi katika wodi kama hiyo, kwa hiyo sauti unayoisema naijua. Acha nikueleze kwanza ni nini, maana nina shaka kama kuna aliyekueleza usiku ule. Mpira wa mashine ya kupumulia hupitia mdomoni, ukapenya katikati ya nyuzi za sauti, ukaingia kwenye koo la hewa. Ukiwa umekaa hapo, mgonjwa hawezi kusema neno, na kukohoa kwake hakuna nguvu ya kutoa kitu nje. Mwenye homa ya mapafu makohozi yanamjaa. Yakiachwa yanaganda na kuziba mpira, na mpira ukiziba mashine inasukuma hewa isikofika. Ndiyo maana nesi hupitisha mrija mwembamba ndani ya ule mpira, akafyonza, si zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, kisha akamwacha apumue. Sekunde hizo mgonjwa anapaliwa kweli. Uso unaiva, macho yanatoka, miguu inarusha shuka kama ulivyoandika. Na kile kitambaa mikononi huwekwa kwa kuhofia kwamba mtu aliye nusu usingizini atauvuta mpira na kuuchomoa. Wodi nyingine hujitahidi kutofunga kabisa, kwa sababu kufungwa nako kunatisha. Ya baba yako ilifunga.

Sasa chukua kile anachokisimulia, ukiweke kando ya saa nane yako. Mikono imefungwa. Anazama. Binti yuko mlangoni. Nadhani unaona mwenyewe kwamba hakutunga. Mgonjwa aliye kwenye mashine, mwenye maambukizi mwilini, dawa za usingizi kwenye damu, usiku na mchana vimechanganyika kwa sababu taa hazizimwi, mara nyingi huingia katika hali ambayo madaktari huiita deliriamu. Waliotangulia kuongea Kiswahili walikuwa na neno lake zamani, kuweweseka. Katika tafiti nyingine imeonekana kwa wagonjwa hadi 8 kati ya 10 walio kwenye mashine. Akili haikosi kabisa habari za kweli. Inaokota vipande, sauti, uso, kubanwa, halafu inavishona kwa uzi wake yenyewe. Na uzi huo karibu kila mara ni wa hofu: nimefungwa jela, wanataka kuniua, ndugu zangu wamekula njama. Mgonjwa wangu mmoja alirudi kutusalimu wiki mbili baada ya kutoka, akasimama mbali nami. Alikuja kuniambia baadaye kwamba aliniona usiku nikichimba kaburi chini ya kitanda chake. Nilikuwa nikipiga magoti kila saa kusoma kipimo kwenye mfuko wa mkojo.

Kwa hiyo unaponiuliza kama anachokiona ndicho kweli, naona swali lenyewe limekubana vibaya. Umejiwekea njia mbili tu: ama yeye anaota na wewe huna hatia, ama yeye anasema kweli na wewe ni muuaji. Mimi naona watu wawili waliokaa usiku mmoja. Yeye ana vipande visivyo na saa. Wewe una saa. Na huenda hata maneno yako kwa daktari yalimfikia, maana dawa ya usingizi si lazima izibe masikio. Wengi hutuambia baadaye maneno waliyoyasikia huku tukidhani wamelala. Sijui kama yeye alisikia. Lakini usiende kwake na nia ya kumthibitishia kwamba hakuna kilichotokea. Kumbukumbu za namna hii huwa kali kuliko za kawaida, na mtu akiambiwa "uliota tu, Baba," hasadiki, ananyamaza tu. Huyu hajanyamaza bado. Amekuomba umsomee.

Kuna jambo kuhusu daftari lako ambalo sidhani unalijua. Katika wodi za mahututi za nchi za Skandinavia walianza miongo kadhaa iliyopita kumwandikia mgonjwa daftari: wauguzi na ndugu, kila siku mistari michache kwa lugha nyepesi, leo umefanyiwa hiki, leo mkeo alikuja, leo ulifumbua macho. Anakabidhiwa akishapata nafuu, ili zile siku zilizopotea zipate mahali pa kukaa. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2010, wa wagonjwa 352 katika hospitali 12 za nchi sita za Ulaya, ulikuta kwamba baada ya miezi mitatu waliopata daftari lao, 5 hivi katika kila 100 walikuwa wameingiwa na ugonjwa wa kiwewe, wasiolipata, 13. Nisingekwambia hilo peke yake, maana ungelibeba daftari kama dawa. Mwaka 2019 Wafaransa walitoa utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 657 katika wodi 35, na hawakuona tofauti ya kuaminika. Ninachokipata mimi katika yote mawili ni kwamba daftari linaweza kumsaidia mtu, na linaweza lisimsaidie, na inategemea sana linaandikwaje na linafika mikononi mwake vipi.

Na hapo ndipo tofauti ya lako ilipo. Daftari la wodini humwandikia mgonjwa, "wewe," na kila anayeshika kalamu anajua kwamba siku moja yeye atasoma. Ndugu akiwa na ya kwake ya moyoni, hushauriwa atafute karatasi nyingine. Wewe hakuna aliyekushauri. Ulikuwa na daftari moja, kalamu moja na benchi moja, ukaandika humo mambo mawili: yaliyompata baba yako, na yaliyokupata wewe. Saa nane ni yake. Saa saba, ile Ijumaa inayorudi na kurudi, ni yako. Saa tisa na dakika kumi pia ni yako. Yamekaa kwenye karatasi moja kwa sababu tu usiku ulikuwa mmoja.

Nikisema ni yako simaanishi kwamba ulikuwa na akili timamu za mchana. Saa tisa hadi saa kumi na moja alfajiri ndipo mwili wa binadamu unapokuwa chini kabisa, joto limeshuka, fikra zimekuwa nzito. Watafiti waliwahi kupima, mwaka 1997, wakakuta mtu aliyekaa macho saa 24 mkono na jicho lake vinafanya kazi kama vya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.10 katika damu, kiwango ambacho karibu kila nchi haimruhusu kuendesha gari. Wewe ulikuwa usiku wa sita. Sikwambii haya ili useme haikuwa wewe. Ilikuwa wewe. Nakwambia ili usiisome sentensi ile mchana, umelala, umekunywa chai, ukaihukumu kana kwamba iliandikwa hivyo hivyo.

Tuje kwenye kuchana. Tatizo langu na kuchana si la maadili kwanza, ni la ukurasa wenyewe. Huo unaotaka kuuchana ndio uliobeba kitambaa, mpira wa kufyonza, mlango uliosahaulika wazi. Ndio ukurasa pekee unaoweza kumwambia baba yako maji yale yalikuwa nini. Ukiondoka, ndoto yake inabaki bila mshindani. Halafu madaftari mengi hushonwa kati. Ukiling'oa karatasi moja, mwenzake anaanza kuning'inia. Mtu anayetafuta siku zake huhesabu usiku. Akikuta wa tano, kisha wa saba, na tayari ana kisa chake juu ya binti aliyekubali mlangoni, atajaza pengo hilo kwa kitu gani? Kusema limepotea nako kuna shida hiyo hiyo, na zaidi, kwa sababu ameliona kwa macho yake.

Kumsomea kama ulivyo kuna uzito wake. Nimeona familia zilizofanya hivyo na mzee akalia, akashika mkono wa mtoto, na jambo likaisha hapo. Nimeona pia mgonjwa aliyebaki na sentensi moja tu kati ya kurasa 40. Baada ya miezi miwili wengi bado umakini wao ni mfupi, wanasikia nusu, wanachoka katikati. Ukianza saa nne usiku ukateremka moja kwa moja, "Mungu, mchukue" itamfikia kabla hajapata muda wa kuielewa saa nane. Na wewe pia upo kwenye hesabu. Utaweza kuisoma kwa sauti, ukasubiri uso wake?

Wengine hufanya hivi: wananunua daftari jipya, wanamwandikia mgonjwa la kwake kutoka katika lile la kwao. Saa nane yako ingeweza kusomeka hivi: "Baba, saa nane usiku nesi alikufyonza makohozi kwa mpira mwembamba, kwa sababu yalikuwa yanaziba njia ya hewa. Ulipaliwa, ukapiga miguu. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayezama. Mikono yako ilikuwa imefungwa kwa kitambaa usije ukauchomoa mpira. Mlango uliachwa wazi na mimi nilikuwa nimesimama hapo nakuona." Angalia kwamba hakuna neno la uongo humo, na wewe umo mlangoni. Ukimkabidhi unamwambia waziwazi kwamba haya ni ya kwake, na kwamba kuna mengine ya kwako uliyoyaandika usiku ule kwa kuchoka na kuogopa, ambayo siku akitaka mtayaongea. Hatari yake ni kwamba anaweza kutaka leo leo. Usiitoe ahadi hiyo kabla hujajua utajibu nini. Hatari nyingine iko ndani yako, na mimi siwezi kuipima kutoka huku: kila mstari utakaouacha, utakuwa unauacha kwa ajili yake, au kwa ajili yako?

Kuna mstari mmoja unaonisumbua zaidi ya ule unaokusumbua wewe. Maneno ya saa tisa ulimwambia Mungu, kwenye karatasi, kimya. Ni yako kuyatoa au kuyaweka. Lakini "si afadhali mumwache" ulimwambia daktari, kwa sauti, hatua chache kutoka kitandani, na yalimhusu yeye. Iwapo yeye kweli aliokota kipande hicho, ndicho anachokiita kukubali. Ukiandika nakala yake ukaliruka hilo, utakuwa umemwachia usiku wenye kila kitu isipokuwa kile alichokisikia. Sisemi umwambie. Nasema usilichanganye na lile jingine. Ni mambo mawili, na huenda yakahitaji majibu mawili. Daktari alikujibu, tungoje asubuhi, nawe ukasema sawa. Ulikubali, ndiyo. Ulikubali kungoja. Hilo nalo limo kwenye ukurasa.

Lolote utakalochagua, ningeanza kwa kumwacha yeye aseme. Mchana, si jioni, wakati hajachoka: "Baba, kabla sijakusomea, niambie wewe uliona nini." Msikilize mpaka mwisho bila kumsahihisha maji wala mlango. Kisha anza na usiku wa kwanza, ukurasa mmoja, ufunge. Siku nyingine wa pili. Akisema basi, iwe basi. Mtakapoufikia wa sita mtakuwa mmeshazoeana na sauti za pale, kengele, taa, zamu. Baadhi ya wodi humkubali mgonjwa aliyepona aje kukitazama chumba mchana, amwone nesi, aisikie mashine ikiwa haijamshika yeye. Ulizeni. Wapo wanaofarijika sana, wapo wanaogeuka wakifika mlangoni, asilazimishwe. Lakini ukiona baada ya kusoma anatoka jasho, moyo unamwenda mbio, ndoto zinazidi badala ya kupungua, au anakwepa chochote kinachomkumbusha hospitali, hata dawa na kliniki, basi daftari lisimame kwanza. Hapo mnahitaji mtu aliyesomea kiwewe.

Na wewe? Umesema silali, ukapita. Mwaka 2012 madaktari wa wodi hizi walichapisha jina la yale yanayowapata wagonjwa baada ya kutoka, na humo humo wakaweka jina la yanayowapata ndugu: woga, huzuni, picha zinazorudi bila kuitwa. Ile Ijumaa uliiandika usiku wa tano na wa sita, na nina hakika kurasa nyingine zinayo. Siku ile ulikuwa na baba aliyesema kifua kinambana. Hukuwa na picha ya mapafu, wala mashine, wala siku 11. Unaihukumu Ijumaa kwa yale uliyoyajua baadaye. Tafuta mtu wa kuyasema hayo kwa mdomo, asiwe mama yako, ambaye naye alikaa kwenye benchi lile lile mchana.

Glasi ya maji usimpe mkononi kwa sasa. Iweke mezani, karibu naye, uendelee na shughuli yako. Ajichukulie.

Nina swali moja la mwisho. Saa kumi umeandika "nikamwambia ni mimi," kisha hakuna kitu mpaka saa kumi na mbili kasoro. Ulipewa dakika tano, na kando ya kitanda kile dakika tano ni ndefu. Ulimwambia nini kingine? Daftarini halimo, na yeye huenda hana kipande hicho kabisa. Kama utamwandikia nakala yake, kaa kwanza ukumbuke hilo, uliandike.